Namba Zilezile, Mahali Tofauti

Chini ya karatasi ya ramani ya Tanzania ya kipimo cha 1:50,000, pale ambapo wengi hawatupi jicho, pana mistari michache ya herufi ndogo. Inataja gridi ya UTM na kanda yake, inataja umbo la dunia lililotumika kukokotoa ramani, yaani Clarke 1880, kisha inataja datumu: New (1960) Arc, ambayo wapima ardhi wanaiita kwa kifupi Arc 1960. Simu yako haitumii datumu hiyo. Simu, kifaa cha GPS cha mkononi na ramani za mtandaoni zote huanza na datumu nyingine, WGS84. Mahali pamoja papo hapo katikati ya Dar es Salaam pana namba moja kwa Arc 1960 na namba nyingine kwa WGS84, na ukichanganya hizo mbili nukta yako inahama zaidi ya mita 300.

Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa waliochora ramani. Wale wapima walikuwa hodari, na kazi yao ilikuwa sahihi kwa vifaa vyao. Tofauti imetokana na swali ambalo kila anayechora ramani lazima alijibu kabla ya kuchora chochote: nitahesabu kuanzia wapi?

Mafundi wawili wakipewa kazi ya kuweka dirisha mita tatu kutoka ukutani, na kila mmoja akaanzia ukuta wake, madirisha yatatofautiana hata kama futi zao ni sahihi kabisa. Datumu ndiyo huo ukuta wa kuanzia. Kwa dunia nzima, ukuta huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni umbo la kukokotolea. Dunia imevimba kidogo kwenye Ikweta na kubonyea kwenye ncha, na juu yake ina milima na mabonde, kwa hiyo wanahisabati hutumia mfano laini wa tufe lililobonyea badala ya dunia yenyewe. Sehemu ya pili ni namna mfano huo ulivyofungwa kwenye dunia halisi: kitovu chake kimekaa wapi, na nguzo gani ya zege ardhini imepewa namba zipi.

Sehemu ya kwanza inaeleweka haraka. Alexander Ross Clarke, mpima wa Kiingereza, alitoa vipimo vyake vya umbo la dunia mwaka 1880, na nchi nyingi za Afrika zilizokuwa chini ya Waingereza zikavitumia. Nusu kipenyo cha Ikweta katika mfano wake kinazidi kile cha WGS84 kwa takriban mita 112. Kwa kitu chenye nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita 6,378, hiyo ni tofauti ndogo, na peke yake isingetuletea matatizo makubwa. Tatizo kubwa liko kwenye sehemu ya pili.

Kabla ya setilaiti hapakuwa na njia ya kujua kitovu cha dunia kiko wapi hasa. Mpima alikuwa na theodolaiti, nyota za usiku, utepe wa chuma na timazi. Alichagua mahali pa kuanzia, akatazama nyota kwa siku nyingi, akapata latitudo na longitudo ya hapo, na akatangaza kwamba hapo ndipo mwanzo. Kisha alipima mstari mmoja ardhini kwa utepe, kwa uangalifu mkubwa, na kutoka ncha mbili za mstari huo akapima pembe kwenda kilima kilichoonekana kwa mbali. Ukijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, unapata pande nyingine bila kuzitembea. Kilima kile kinakuwa mwanzo wa pembetatu inayofuata, na ile inazaa nyingine, mpaka mnyororo wa pembetatu unavuka nchi.

Mnyororo wetu ulianzia mbali. Mwanaastronomia David Gill alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1879, akiwa na wazo la kupima mnyororo mmoja kutoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini, kando ya mstari wa longitudo wa nyuzi 30 mashariki. Mwanzo wa hesabu uliwekwa Buffelsfontein, karibu na mji wa Port Elizabeth ambao sasa unaitwa Gqeberha. Kazi ilipita mikononi mwa vizazi vya wapima. Pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilifungwa mwaka 1954. Baadaye hesabu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilirekebishwa kwa pamoja, na matokeo yake ndiyo Arc 1960, datumu iliyobeba ramani za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Kwa hiyo namba za nguzo iliyo juu ya kilima huko Morogoro, kwa maana ya kihesabu, zimeshikwa na jiwe lililo kusini kabisa mwa bara hili.

Hapo ndipo timazi inapoingia, na ningependa tukae nayo kidogo. Fundi mwashi anaiamini timazi kwa sababu inaning'inia wima. Mpima pia aliitegemea, kwa kuwa theodolaiti husawazishwa kwa pima maji, na pima maji hutii uzito uleule unaovuta timazi. Lakini uzito wa dunia hauko sawa kila mahali. Mlima mkubwa upande mmoja, au miamba mizito chini ya ardhi, huvuta timazi kidogo sana kuielekea. Kidogo hicho ni sekunde chache za nyuzi, ambazo macho hayawezi kuziona, ila sekunde moja ya latitudo ardhini ni takriban mita 31. Timazi ikiinama sekunde tano tu pale unapotazama nyota, mahali pako pa kuanzia pamehama zaidi ya mita 150 kulinganisha na kitovu halisi cha dunia, na ramani nzima inahama pamoja nawe.

Mfano maarufu wa jambo hili uko Greenwich, London. Wageni hupiga picha wamesimama juu ya mstari wa longitudo sifuri katika kituo cha zamani cha nyota. Akiwasha simu pale, mtu anaona kwamba longitudo si sifuri. Inabidi atembee mita 102 kwenda mashariki, bustanini, ndipo simu isome sifuri. Hakuna aliyekosea kutazama nyota. Mstari wa zamani ulifuata timazi ya pale Greenwich, na wa setilaiti unafuata kitovu cha dunia.

Setilaiti ndizo zilizobadilisha mambo, kwa sababu zinazunguka uzito wa dunia yote kwa pamoja. Ukifuatilia njia zake kwa muda, unapata kitovu cha uzito huo. WGS84 imewekwa kitovu chake hapo. Baada ya hapo iliwezekana kuuliza swali ambalo Gill asingeweza kulijibu: kitovu cha mfano wa Arc 1960 kiko wapi ukilinganisha na kitovu halisi? Jibu lililochapishwa, kama wastani wa Kenya na Tanzania, ni namba tatu: -160, -6 na -302. Ni mita, zikipimwa katika pande tatu zinazokutana katikati ya dunia. Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Inasema kwamba kitovu cha Arc 1960 kimekaa takriban mita 302 upande wa Ncha ya Kusini. Ukijumlisha pande zote tatu, vitovu viwili vimepishana kwa takriban mita 340.

Matokeo yake yanaonekana vizuri kabisa kwenye Ikweta. Ikweta ya Arc 1960, ile iliyochorwa kwenye karatasi za zamani za Kenya na Uganda, inapita kama mita 300 kusini mwa Ikweta ambayo simu inaionyesha. Mtu mwenye karatasi na mtu mwenye simu wanaweza kusimama kila mmoja juu ya Ikweta yake, wakitazamana kwa mbali, na wote wawili wakawa wamesoma vifaa vyao sawasawa.

Sasa tufanye hesabu ya nukta moja. Tuchukue sehemu ya katikati ya Dar es Salaam ambapo kifaa cha GPS kinasoma latitudo nyuzi 6 na dakika 48 kusini, longitudo nyuzi 39 na dakika 17 mashariki, kwa WGS84. Kwa gridi ya UTM, kanda ya 37 kusini, kifaa hichohicho kitasoma takriban 531308 kwenda mashariki na 9248351 kwenda kaskazini. Hizi ni mita, na ndizo namba ambazo mtu huandika kwenye daftari.

Mtu huyo anarudi ofisini, anakunjua karatasi ya 1:50,000, anatafuta 531308 na 9248351 kwenye mistari ya gridi, anaweka alama ya kalamu. Alama imekaa pabaya. Kwa kutumia zile namba tatu za wastani, nukta hiyo kwenye gridi ya Arc 1960 ilipaswa kusomwa takriban 531212 na 9248653. Yaani alama yake iko mita 302 kusini na mita 96 mashariki mwa mahali halisi. Juu ya karatasi hiyo ni milimita sita chini na milimita mbili kasoro kulia. Milimita sita si unene wa kalamu. Zinatosha kuvusha nukta kutoka upande mmoja wa mto kwenda upande mwingine, au kutoka kijiji kimoja kwenda cha jirani.

Fikiria sasa kwamba nukta si moja, bali ni mpaka wa vijiji viwili, na mpaka huo umeandikwa kwa namba. Upande mmoja umepimwa zamani kwa Arc 1960, upande wa pili umepimwa juzi kwa GPS, na hakuna aliyeandika jina la datumu. Kama mpaka unakwenda mashariki hadi magharibi, kila kilomita moja yake inazaa ukanda wenye upana wa mita 300 hivi. Hizo ni hekta 30, zaidi ya eka 70, ambazo ama zinadaiwa na vijiji vyote viwili, ama hazina mwenyewe. Wazee wanajua mpaka ni ule mbuyu. Karatasi mbili zinasema vingine, na kila moja ina mhuri.

Kosa la mita 300 angalau ni kubwa kiasi kwamba mtu makini ataliona. Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile la makumi ya mita, kwa sababu linajificha. Fungua kifaa cha GPS cha mkononi, ingia sehemu ya mipangilio iliyoandikwa `Map Datum`, na utakuta orodha ndefu. Karibu na Arc 1960 pana Arc 1950. Majina yamepishana tarakimu moja. Arc 1950 ni halali kabisa huko inakotumika, Zambia na Malawi kwa mfano, na inatumia umbo la Clarke lilelile. Lakini hesabu zake zilirekebishwa kivyake, na namba zake tatu za wastani ni -143, -90 na -294. Ukiichagua Dar es Salaam kwa bahati mbaya, upande wa kaskazini na kusini utapishana mita tatu au nne tu. Upande wa mashariki na magharibi utapishana takriban mita 76.

Tazama jinsi kosa hilo linavyodanganya. Ile tofauti kubwa ya mita 300 imeondoka, kwa hiyo mtumiaji anaona amefanya marekebisho na nukta zinakaa karibu na mahali pake. Kwenye karatasi ya 1:50,000, mita 76 ni milimita moja na nusu. Anaweza kusema kalamu ilikuwa nene, au siku ile kulikuwa na miti mingi. Lakini mita 76 ardhini ni kuhama kutoka barabarani hadi nyuma ya mstari wa pili wa nyumba. Kisima kinachochimbwa mita 76 kutoka pale mtaalamu wa maji alipopima kinaweza kukosa kabisa ufa wa mwamba uliokusudiwa.

Utajuaje basi kwamba tatizo ni datumu na si kifaa chenyewe? Jibu liko kwenye mwelekeo. Kosa la kawaida la GPS ya mkononi, penye anga wazi, ni mita chache, na linatawanyika: asubuhi linavuta kaskazini, mchana linavuta magharibi, nukta hii hivi na ile vile. Kosa la datumu halitawanyiki. Nukta zote zinahama kwa umbali uleule na upande uleule. Kwa hiyo nenda mahali panapoonekana waziwazi ardhini na kwenye ramani, kwa mfano njia panda ya barabara za zamani, kichwa cha daraja au pembe ya kanisa kongwe, usome namba, uziweke kwenye ramani. Fanya hivyo mahali patatu au panne vilivyo mbalimbali. Zote zikiwa zimekwenda kusini mita 300 na mashariki karibu mita 100, umeweka namba za WGS84 juu ya gridi ya Arc 1960. Zikiwa zimekwenda kaskazini na magharibi kwa kiasi hichohicho, umefanya kinyume. Na zikiwa zimehama kama mita 600, karibu hakika mtu amerekebisha nukta kwa kuelekea upande usio wake, au watu wawili wamerekebisha nukta zilezile kila mmoja kwa wakati wake.

Hapa kuna jambo moja ambalo hata waliozoea hizi kazi hulisahau. Vifaa vingi vya mkononi huhifadhi nukta kwa WGS84 ndani, hata kama umechagua datumu nyingine. Mpangilio wa `Map Datum` unabadilisha namba zinazoonyeshwa kwenye kioo, na unabadilisha namna kifaa kinavyozielewa namba unazoziingiza kwa mkono. Ukisimama mahali na kubonyeza kuhifadhi, nukta ni salama hata kama mpangilio ulikuwa si sahihi. Hatari iko pale macho yanaposoma kioo na mkono unapoandika daftarini, na tena pale mtu anaposoma daftari na kuingiza namba kwenye kifaa kingine. Safu ya namba isiyo na jina la datumu pembeni haiwezi kusahihishwa ukiwa mezani, labda urudi ardhini.

Kwenye kompyuta mtego ni uleule kwa sura nyingine. Programu kama QGIS hutambua gridi kwa namba: 21037 ni Arc 1960 kwa UTM kanda ya 37 kusini, na 32737 ni WGS84 kwa kanda hiyohiyo. Programu hukupa njia mbili zinazofanana. Moja ni kuiambia kwamba data hii tayari ni ya gridi fulani. Nyingine ni kuiagiza ikokotoe upya namba ziende kwenye gridi nyingine. Mtu akiwa na nukta za GPS na akaziita 21037 ili zilingane na ramani, hajabadilisha namba hata moja, amebadilisha jina tu, na nukta zinaruka mita 300. Njia sahihi ni kuziita jina lao la kweli, 32737, halafu kuiagiza programu izikokotoe ziende 21037.

Hata ukifanya yote hayo sawasawa, usitegemee usahihi wa sentimita. Zile namba tatu, -160, -6 na -302, ni wastani wa nchi mbili kubwa, na waliozichapisha waliweka wazi kwamba kila moja inaweza kuwa na kosa la mita 20 hivi. Sababu inarudi kwenye mnyororo wa pembetatu. Kila pembe ilipimwa ikiwa na kosa dogo, na makosa madogo yalijikusanya kadiri mnyororo ulivyorefuka, kwa hiyo Arc 1960 haikuhama kama kipande kimoja kigumu. Imejikunja kidogo hapa na kunyooka pale. Zipo namba zilizokokotolewa kwa Tanzania peke yake, -175, -23 na -303, na kwa nukta yetu ya Dar es Salaam zinatoa jibu lililopishana na lile la wastani kwa takriban mita tano. Kwa mtu anayetafuta njia porini, mita tano si kitu. Kwa mpima wa kiwanja, ni nyumba ya jirani.

Ndiyo maana mpima wa viwanja haridhiki na namba tatu za kitabuni. Anakwenda kutafuta nguzo za zamani zenye namba za Arc 1960 zinazojulikana karibu na eneo lake, anaweka juu ya kila moja mashine ya setilaiti inayopima kwa sentimita, na kupata namba za pili za nguzo ileile. Akiwa na nguzo tatu au nne za namna hiyo anakokotoa uhusiano wa eneo lake tu, na mikunjo ya mahali pengine haimhusu. Tanzania sasa ina mtandao mpya wa nguzo unaofuata kitovu halisi cha dunia, TAREF11, na kazi mpya zinaweza kufungwa huko moja kwa moja. Lakini ramani na michoro ya zamani iko kabatini kwa Arc 1960, na hati zilizotolewa kwa michoro hiyo bado zinatumika. Kwa hiyo nguzo ya zege iliyozama kwenye nyasi juu ya kilima, yenye bamba la shaba na namba iliyogongwa, bado ina kazi, na anayeing'oa ili apate kokoto anawaondolea watu wa eneo lile njia ya kutoka kwenye namba za zamani kwenda kwenye mpya.